Ukumbi mzuri, ila ole wako ughairi harusi

Ukumbi wenyewe sina neno nao. Ni msafi, una hewa, na tulipokwenda kuuangalia walitupokea vizuri mno. Subiri siku utakayowaambia harusi haipo tena, ndipo utawajua.

Harusi ilikuwa ya mdogo wangu. Kwa upande wa bwana harusi kukatokea msiba mzito, familia zote mbili zikakubaliana tusitishe. Tulikuwa tumeshalipa nusu ya bei ya ukumbi kama malipo ya awali, na kando yake amana ya uharibifu, ile wanayoishikilia ili viti au vioo vikivunjika wakate humo. Mkataba niliusoma mwenyewe kabla hatujasaini. Kifungu cha kughairi hakikuwa na utata: ukitoa notisi ya maandishi siku 90 au zaidi kabla ya shughuli, wanakata asilimia 10 ya bei yote na kukurudishia kinachobaki. Ukichelewa, ikawa kati ya siku 89 na 30, unapata nusu ya ulicholipa. Chini ya hapo huna chako.

Siku ileile tuliyokubaliana nikatuma barua pepe kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, nikataja tarehe ya shughuli na namba ya kifungu. Kabla ya shughuli zilikuwa bado zimebaki zaidi ya siku 90. Wakajibu: "Tumepokea, poleni sana." Nikajua yameisha.

Basi wakanyamaza. Simu hazipokelewi, ujumbe unasomwa na haujibiwi. Siku zikawa zinakatika, na mpaka wananitumia fomu ya kughairi nijaze, ile mipaka ya siku 90 ilikuwa imeshapita. Niliijaza, lakini juu yake nikaandika kwamba notisi ilishatolewa kwa barua pepe, na tarehe yake nikaiweka. Nilipokwenda kudai, meneja akaniambia, "Dada, sisi tunahesabu kuanzia fomu. Barua pepe ni taarifa tu."

Fomu! Mkataba mzima hauna neno fomu. Nikauweka mezani, nikamwonyesha kifungu kwa kidole. Hakuinamisha hata shingo. Aliusukuma kwa ncha ya kalamu ukarudi upande wangu, huku mkono mwingine uko kwenye simu yake. "Mmesaini wenyewe," akasema. Ndiyo, tumesaini, na ndiyo maana naudai ufuatwe!

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukulia bei yote ni 100 na sisi tumelipa 50. Kwa notisi yangu wanakata 10, tunarudishiwa 40. Kwa fomu yake tunapata 25. Hiyo 15 ya katikati inatoka mfukoni mwetu kwa sababu wao walikaa na karatasi.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Rafiki yangu aliwapigia kuulizia Jumamosi ileile, akaambiwa imeshachukuliwa na watu wengine. Ningewaelewa walau kidogo kama tarehe ingebaki tupu, maana wangekuwa wamekosa mteja kwa ajili yetu. Sasa wameshampata, hasara wanayotukata ni ipi?

Na amana ya uharibifu nayo wakaichanganya humohumo, wakaiita sehemu ya malipo. Amana hiyo haihusiani na notisi hata kidogo. Shughuli haikufanyika, hakuna aliyekalia kiti chao, kwa hiyo inarudi yote, hata ungeghairi jana yake. Ukidai, andika madai mawili tofauti, la sivyo watakukata asilimia mpaka kwenye pesa isiyokatwa.

Ndivyo nilivyofanya. Nikaandika barua ya madai, malipo ya awali peke yake na amana peke yake, nikaambatisha risiti na lile jibu lao la "tumepokea". Nikawapa siku 14, na nakala nikampelekea mwenye ukumbi moja kwa moja. Huyo mama alinipigia mwenyewe, akaomba radhi, akasema notisi ni ile ya barua pepe. Ile 40 ikaingia kwenye akaunti kabla ya muda kwisha. Nilikuwa nimepania kuwaambia msiukanyage ukumbi ule, na kwa kweli baada ya simu ile nilianza kulegea. Mwenye mali ni muungwana, nikasema labda tatizo ni meneja mmoja tu.

Lakini amana ya uharibifu mpaka naandika hapa haijarudi. Mhasibu anasema inasubiri ripoti ya ukaguzi wa ukumbi baada ya shughuli. Shughuli ipi? Nawapa nyota moja, na barua ya pili ya madai naipeleka kwa mkono, mtu aisaini na kugonga muhuri wa tarehe mbele yangu.