Uji au vitanda karibu na Bugando

Ndugu wa wagonjwa wanaoletwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka Kagera, Geita au Mara huhitaji chakula na malazi, lakini hatari za kuwauzia uji na za kuwakodishia vitanda hazifanani. Muuza uji akichelewa saa ya asubuhi ya kuona wagonjwa, chupa hurudi zimejaa, ingawa hasara huishia siku hiyo. Vitanda havichachi: tuseme chumba cha kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi kina vitanda vinne vya shilingi 4,000 kwa usiku, malipo 20 ya usiku kati ya 120 ya mwezi mzima hufidia kodi, kabla ya maji na kufua mashuka. Kinachoumiza ni madeni, kwa kuwa mgonjwa akikawia wodini fedha za ndugu huisha, na kumfukuza mtu anayeuguza ni vigumu. Ningetoza kila jioni.