Sanduku la mafunzo ya chujio: vibao ni vizuri, lakini kitabu chake kimewafanya wanafunzi wangu wafute jibu sahihi

Nilikuwa nimekusudia kulisifu sanduku hili, kwa sababu wiki za mwanzo lilinifurahisha kweli. Ninafundisha umeme katika chuo cha ufundi, na kwa muda mrefu tulikuwa tukifanya mazoezi kwa vipuri tulivyovitoa kwenye redio mbovu. Tuliponunua sanduku lenye vibao vinavyochomekana, kila kimoja na resista yake na kapasita yake, niliona tumepata nafuu. Kilichonibadilisha moyo ni daftari la mwanafunzi mmoja. Kwenye jedwali la matokeo, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa kifutio hadi ikakaribia kutoboka, na juu ya mkwaruzo huo pameandikwa volti 3.0. Chini yake bado ilisomeka namba aliyoiandika kwanza, 2.0. Nilipomuuliza kwa nini amefuta, alijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kitabu kinasema tatu, kwa hiyo nilijua nimekosea mimi." Nilipofungua madaftari mengine, nusu ya darasa ilikuwa imefanya vivyo hivyo.

Zoezi lenyewe ni hili. Kibao cha kwanza kina resista ya 10 kΩ na kapasita ya 10 nF, na kibao cha pili ni pacha wake. Kila kimoja peke yake hupitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu, na masafa yake ya kukatia ni karibu 1,590 Hz. Katika masafa hayo ukiingiza wimbi la volti 6 kutoka kilele hadi kilele, unatoka na volti 4.24, yaani sehemu 0.707 ya ulichoingiza. Kitabu kinamwambia mwanafunzi avichomeke vibao viwili kwa mfululizo, kisha azidishe: 0.707 mara 0.707 ni 0.5, kwa hiyo toleo liwe volti 3.0. Hakuna neno hata moja la tahadhari. Nilipima mwenyewe mara tatu, na kila mara nilipata volti 2.0 ikipungua kidogo.

Nilipiga simu dukani nikiwa bado nimetulia. Niliunganishwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ndiye msimamizi wa ufundi, nikamweleza namba zangu. Alinikatiza kabla sijamaliza. "Mwalimu, sanduku hili liko katika vyuo vingi, na hakuna aliyelalamika. Kagua probu zako." Nilimjibu kwamba probu yangu ilikuwa kwenye 10x, ambako kwa kawaida huongeza pikofaradi zipatazo 15 tu, na kwamba pikofaradi 15 kando ya 10 nF ni kama asilimia 0.15, kiasi kisichoweza kula volti nzima. Jenereta yangu ya ishara nayo ina ukinzani wa 50 Ω, ambao mbele ya 10 kΩ hauonekani. Alisema wao walipima kwa 100 Hz na kwa 16 kHz, na majibu yalilingana na kitabu. Kisha akaongeza kwamba kama hesabu hizi zinanishinda niwaachie wahandisi, akakata simu.

Nimefundisha miaka mingi na sijazoea kusemeshwa hivyo, lakini nakiri kwamba katika kauli yake kulikuwa na jambo la kweli ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Nilirudi maabara nikapima kwa masafa yale yale aliyoyataja. Kwa 100 Hz, kuzidisha kunatoa volti 5.98, na sakiti halisi inatoa 5.92. Kwa 16 kHz, kuzidisha kunatoa milivolti 59, na sakiti halisi inatoa 57. Kwa macho kwenye osiloskopu, tofauti hizo hazionekani. Kosa lote limejificha katikati, na kilele chake kiko palepale kwenye masafa ya kukatia, ambako ndiko chujio hutumika kubuniwa. Mtu anayepima miisho miwili tu ataapa kwamba kila kitu ni sawa, na hatakuwa anasema uongo.

Hata kuangalia ucheleweshaji wa wimbi hakusaidii hapo. Kwa 1,590 Hz, hesabu ya kuzidisha inasema toleo lichelewe robo ya mzunguko nyuma ya ingizo, na sakiti halisi inachelewesha robo ileile. Mwalimu anayewapimisha wanafunzi pembe peke yake katika masafa hayo ataliona zoezi limefaulu, huku ukubwa wa wimbi umepungua kwa theluthi nzima.

Kipimo kinachoufichua ukweli ni chepesi mno, na kitabu kingeweza kukiweka kwa mistari miwili. Acha probu kwenye toleo la kibao cha kwanza, usiitoe. Kikiwa peke yake, wimbi linasimama volti 4.24. Sasa chomeka kibao cha pili bila kugusa kitu kingine chochote. Nilifanya hivyo mbele ya darasa zima, na wimbi kwenye kioo likashuka papo hapo hadi volti 2.83. Kibao cha kwanza hakikuharibika, kimelemewa. Kuzidisha kunadhani kwamba hatua ya kwanza inaendelea kutoa kilekile ilichotoa ilipokuwa haina mzigo, ilhali hatua ya pili inanyonya mkondo, na mkondo huo hauna njia nyingine ila kupitia resista ya kwanza.

Theluthi iliyopotea ina chanzo kinachohesabika. Katika masafa ya kukatia, kapasita ya 10 nF inazuia kwa kiasi kilekile cha 10 kΩ. Kibao cha pili, kikitazamwa kutoka kwenye ingizo lake, ni resista na kapasita mfululizo, jumla kama 14.1 kΩ. Kibao cha kwanza, kwa kanuni ya Thevenin, ni chanzo chenye ukinzani wa ndani unaotokana na resista na kapasita sambamba, jumla kama 7.07 kΩ. Katika masafa hayo pembe za pande hizi mbili zinalingana, kwa hiyo unaweza kugawanya kama resista za kawaida: 14.1 kati ya 21.2 ni theluthi mbili. Theluthi mbili za 4.24 ni 2.83, kisha kibao cha pili kinachukua sehemu yake ya 0.707, na unabaki na 2.0 kamili. Mwanafunzi aliyeifuta 2.0 alikuwa amepima vizuri kuliko mwandishi wa kitabu alivyofikiri.

Kwa wanaopenda kuona fomula, mstari wa kwanza ni wa kitabu na wa pili ni wa sakiti:

```
Vout/Vin = 1 / (1 + 2sRC + (sRC)^2)
Vout/Vin = 1 / (1 + 3sRC + (sRC)^2)
```

Ile mbili imekuwa tatu kwa sababu ya RC moja ya ziada, nayo ni zao la resista ya kwanza na kapasita ya pili, vipuri viwili ambavyo hesabu ya kuzidisha haivikutanishi kamwe. Athari yake si ndogo. Masafa ambayo toleo linashuka hadi 0.707 ni kama 1,020 Hz kwa kitabu, lakini kwa sakiti ni kama 600 Hz. Anayebuni chujio la sauti kwa kitabu hiki atapoteza sehemu kubwa ya alichotaka kukipitisha, na atabadilisha kapasita nzima akidhani ni mbovu.

Baada ya hasira kupoa kidogo niliona si haki kulaumu sanduku zima. Nilizipima kapasita moja moja na zote zilikuwa karibu sana na thamani iliyoandikwa, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei ile. Soketi zinashika, na maandishi hayafutiki. Nilikuwa tayari kusema nunueni, ila pakeni wino mweusi juu ya ukurasa ule. Ndipo nikaiona kwenye orodha ya bei ya duka hilohilo moduli ya bafa, yaani opampu inayofuata volti, ikiuzwa kando kama nyongeza ya hiari. Nikaagiza. Nilipoiweka kati ya vibao viwili, toleo likapanda hadi volti 2.97. Hatua ya pili sasa inanyonya mkondo kwenye opampu badala ya kwenye resista ya kwanza, na kuzidisha kunakuwa halali. Kwa hiyo zoezi lililochapishwa kitabuni haliwezekani bila kipande ambacho hawakukiweka sandukuni, na hawakumwambia mnunuzi. Hapo hasira ilirudi yote.

Kwa wasio na bafa, kuna njia ya nusu. Nilijiundia kibao cha pili chenye 100 kΩ na 1 nF. Masafa ya kukatia hayabadiliki, lakini kibao hiki kinanyonya sehemu moja ya kumi tu, kwa hiyo ile tatu kwenye fomula inakuwa 2.1 na toleo linafika volti 2.86. Ni karibu na 3.0 kiasi cha kuridhisha, lakini sipendekezi kuongeza zaidi bila kufikiri, kwa kuwa tatizo linahamia mwisho wa mnyororo. Mwanafunzi mmoja alipima toleo la kibao hicho akiwa na probu kwenye 1x, ambako osiloskopu inaonekana kama 1 MΩ, na hata kwa masafa ya chini kabisa alikosa karibu asilimia 10 ya volti. Sasa hatua ya tatu ilikuwa ni osiloskopu yenyewe.

Nilimwandikia msimamizi yule maelezo haya yote, pamoja na picha mbili za kioo cha osiloskopu, moja kabla na moja baada ya kuchomeka kibao cha pili, nikamwomba ukurasa uliosahihishwa na msamaha kwa darasa langu. Ni muda sasa, na sijajibiwa. Kama angejibu hata kwa mstari mmoja ningewapa nyota nne, kwa kuwa vibao vinastahili. Ninawapa moja. Wanafunzi wamerudia zoezi kwa kalamu ya wino, na yule wa kwanza ameandika 2.0 pembeni ya ule mkwaruzo, na chini yake ile hesabu ya theluthi mbili.