Unapotafuta mapengo kati ya kazi za biashara na mfumo wake wa kompyuta, uanze na moduli, yaani sehemu za mfumo, au na uwezo wa biashara?

Chukua muuzaji wa dawa kwa jumla anayetumia Odoo, programu ya kuendeshea biashara.

Ukianza na moduli, unaorodhesha Purchase, Inventory, Sales na Accounting, kisha unauliza kila moja inahudumia kazi gani. Siku mbili umemaliza, na jedwali limejaa alama za vema tupu. Hapo ndipo penye mtego: kazi isiyo na moduli haina mstari, basi haionekani.

Ukianza na uwezo, unaandika kwanza kile ambacho biashara lazima iweze kufanya, bila kutaja mfumo wala idara. Mmojawapo ni kuondoa sokoni bechi yenye kasoro. Uvunje: kuitambua bechi, kujua maduka yaliyouziwa bechi hiyo, kuyaarifu, kupokea marejesho, kuteketeza. Halafu kaa na mfamasia akuonyeshe alivyofanya mara ya mwisho. Akifungua daftari na kuanza kupiga simu, umelipata pengo.

Ila usikimbilie kununua programu. Kuyajua maduka, Inventory inaweza, mradi ufuatiliaji wa bechi umewashwa kwa kila dawa. Ukikuta umezimwa, hilo ni pengo la mpangilio tu. Kuteketeza kwa ushahidi ni utaratibu wa watu kwanza.

Njia hii ya pili hula wiki kadhaa, na mabishano kuhusu majina ya kila uwezo hayaishi. Mimi huichagua hata hivyo, nikivunja kwa kina uwezo wenye hatari tu. Ile ya moduli naiweka kwa kazi ya kuorodhesha moduli zinazotumika.