"Cha nyumbani" au "soli ikiisha njoo": kauli ipi iuze kiatu cha Dodoma?

Fundi wa viatu vya ngozi Dodoma hawezi kuvishinda kwa bei viatu vya nje vilivyopangwa Soko la Majengo. Kinachobaki ni kauli, na hizi mbili ndizo zinazobishaniwa.

Kwa gharama, "nunua cha nyumbani" inashinda: lebo tu inatosha. "Soli ikiisha tunakuwekea nyingine" inadai soli ishonwe, siyo kubandikwa kwa gundi pekee, na fundi apatikane mwaka mzima. Akifunga duka wiki mbili tu, kauli imekufa.

Kwa kuaminika, mambo yanageuka. "Cha nyumbani" hata jirani yako anaweza kuisema, na mteja mjanja atauliza soli na gundi zimetoka wapi. Ya pili ina hesabu. Tuseme kiatu cha nje ni shilingi 20,000 na soli inabanduka baada ya miezi 5: ni 4,000 kwa mwezi. Chako ni 50,000, kinakwenda mwaka, unabadilisha soli kwa 10,000, kinakwenda mwaka mwingine. Hapo ni 2,500 kwa mwezi.

Ila hesabu hiyo usimpelekee mzazi wa mtoto wa darasa la tatu. Mguu utakua kabla ya soli kuisha! Inamfaa mwalimu au mtumishi anayeshinda kwenye ofisi za serikali kule Mtumba. Ukiwauzia zaidi wageni wa vikao vya Bunge wanaotafuta zawadi, "cha nyumbani" inatosha. Hawatarudi kubadilisha soli.