Vyeti vya masoko ya kidijitali: kipi ulipie, kipi uchukue bure, na kipi kimeshachacha

Mwenye duka la vipuri vya bodaboda pale Mwanjelwa, Mbeya, aliniomba nimsaidie kumchagua kijana wa kumwendeshea matangazo ya mtandaoni. Waombaji watatu walileta bahasha zenye vyeti vya kila rangi, na mzee akaniuliza swali ambalo tangu hapo nimeulizwa na wengi: karatasi hizi zinathibitisha nini hasa? Nimezipanga hapa kwa kigezo hicho, pamoja na bei.

Nafasi ya kwanza naipa cheti cha Google Ads Search, yaani matangazo yanayoonekana mtu anapotafuta kitu Google, kinachotolewa na Google yenyewe kupitia Skillshop, jukwaa lake la mafunzo. Mafunzo na mtihani ni bure, kwa hiyo gharama yako ni bando na muda. Alama ya kufaulu ni asilimia 80, na cheti kinakwisha baada ya mwaka mmoja. Ukomo huo, ambao wengi huulalamikia, ndio unaonifanya nikiweke juu, kwa sababu tarehe imeandikwa kwenye cheti na mwajiri anaweza kuisoma. Udhaifu wake ni kwamba mtihani hufanyika bila msimamizi, huku simu ya pili ikiwa mezani na majibu yake. Kwa hiyo kinathibitisha kwamba mwenye nacho amepitia istilahi za sasa, wala hakithibitishi kwamba amewahi kutumia fedha ya mtu kwa uangalifu.

Kijana tuliyemchukua alikuwa nacho, na bado udhaifu huo ulijitokeza wiki ya kwanza. Alichagua Mbeya kuwa eneo la tangazo, akatenga shilingi 10,000 kwa siku, lakini akaacha mpangilio wa eneo kama Google inavyouweka mwanzoni, yaani `Presence or interest`. Mpangilio huo humwonyesha tangazo hata mtu aliye mbali, mradi Google imeona dalili kwamba anavutiwa na Mbeya. Kwa nyumba ya wageni ungefaa, lakini kwa duka ambalo mteja hufika akiwa na mnyororo uliokatika mkononi, ni hasara. Tulipofungua ripoti ya maeneo tukakuta waliobofya wapo Dar es Salaam na Dodoma, na ripoti ya maneno yaliyotafutwa ikaonyesha wengine walikuwa wakiulizia bei ya pikipiki mpya. Tulibadili eneo liwe `Presence`, yaani waliopo Mbeya tu, na kuyazuia maneno yasiyohusika. Kazi nzima haikuchukua hata nusu saa.

Cha pili ni mtihani wa Meta wa ngazi ya mwanzo, unaohusu matangazo ya Facebook na Instagram. Unalipiwa kwa dola, na unasimamiwa: utambulisho wako hukaguliwa na kamera hukutazama, kwa hiyo angalau kinathibitisha kwamba aliyejibu ni wewe. Kingekuwa cha kwanza kama si bei, na kama si umeme wetu kuwa na tabia ya kukatika katikati ya jambo. Usikilipie kabla hujamaliza masomo ya Meta Blueprint, ambayo ni bure.

Cha tatu ni kozi ya Google ya masoko ya kidijitali na biashara mtandaoni iliyopo kwenye tovuti ya kozi ya Coursera tangu 2022. Unalipa kila mwezi, hivyo anayesoma polepole hulipa zaidi. Mafunzo yake ni mapana na mazuri kwa anayeanza kabisa, lakini cheti hakina tarehe ya kuisha, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Cheti kisichoisha bado kinaeleza vyombo vinavyobadilika. Chukua mfano wa Google Analytics, chombo cha kupima wanaotembelea tovuti: toleo la zamani liliacha kupokea takwimu za kawaida tarehe 1 Julai 2023, likarithiwa na toleo jipya liitwalo GA4. Neno `Bounce rate` lipo katika matoleo yote mawili, lakini zamani lilihesabu waliofungua ukurasa mmoja na kuondoka bila kufanya lolote, ilhali katika GA4 mtu aliyekaa kwenye ukurasa huo mmoja zaidi ya sekunde 10 hahesabiwi humo. Mwenye cheti cha 2021 ataona asilimia imeshuka, amwambie bosi kwamba tovuti imeimarika, kumbe kilichobadilika ni kipimo.

Vyeti vya HubSpot, kampuni ya programu za masoko, ni bure na vina ukomo. Vichukue ukitaka kujifunza kuandika barua pepe za wateja.

Mwisho kabisa naweka vyeti vya kuhudhuria, vile unavyopewa kwa kumaliza kutazama video. Mimi mwenyewe nililipia kimoja ambacho masomo yake bado yaliita Google Ads kwa jina la AdWords, jina ambalo Google iliachana nalo mwaka 2018. Kabla ya kulipa, omba kuona somo moja la bure na utazame picha za skrini zake. Zikitofautiana na unachokiona ukifungua akaunti yako leo, acha fedha yako mfukoni.