Dawa ya kusukutua yenye alkoholi: niliyoyaona baada ya kumaliza chupa

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina hapa Arusha. Kutwa nzima naongea na wageni ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo harufu ya kinywa inagusa ugali wangu moja kwa moja.

Nilianza na ile kali ya buluu inayouzwa supermaketi na kwenye maduka makubwa ya dawa. Lebo inasema alkoholi asilimia 21.6, wakati bia nyingi hazizidi sana tano. Unamimina mililita 20, unasukutua sekunde 30, unatema. Inachoma hadi machozi yanalengalenga, na nadhani wengi tunaipendea huo ukali, tunaona kama vijidudu vinakiona cha moto. Lakini alkoholi ya kiasi hicho si ya kuulia vijidudu. Ya kupaka mikononi inaanzia asilimia 60 ndipo ifanye kazi vizuri. Humu kwenye chupa imewekwa hasa ili iyeyushe mafuta ya thaimoli, mentholi na yukaliptoli, ambayo hayachanganyiki vizuri na maji. Mafuta hayo ndiyo yanayopunguza utando wa meno na uvimbe wa fizi, na kwa mtu anayepiga mswaki sawasawa, kweli yanasaidia. Ndiyo maana zipo pia chupa zenye mafuta yaleyale bila alkoholi.

Tatizo langu lilikuwa ukavu. Asubuhi nanukia minti, ila tukifika getini kinywa kimekauka na harufu imesharudi. Si kila mtu hukaushwa namna hiyo, lakini mimi sinywi maji ya kutosha nikiwa safarini, na mate ndiyo yanayoosha kinywa siku nzima. Mtu anayemeza dawa za kukausha mate, kama baadhi ya dawa za presha au za mzio, au mwenye vidonda mdomoni, ile yenye alkoholi aiache. Hofu ya saratani nimeisikia sana vijiweni. Tafiti hazijathibitisha kwamba kusukutua kunaileta. Pombe ya kunywa na tumbaku ndizo zenye kesi ya kujibu.

Kilichonitoa kwenye chupa ile ni fizi. Nilikuwa nikitema povu la mswaki lina damu, na kusukutua hakukubadilisha kitu. Daktari wa meno alinipa kioo nitazame nyuma ya meno ya mbele ya chini: ugaga wa njano umegandamana kama kutu. Hakuna maji ya chupa yanayoutoa huo, unakwanguliwa kwa vifaa. Baada ya kuusafisha aliniandikia klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili tu. Alisisitiza nisiitumie papo hapo baada ya mswaki, nisubiri kama nusu saa, maana povu la dawa ya meno linaipunguza nguvu. Damu ilikoma. Chakula kilipoteza ladha kidogo, na kwa kuwa mimi na chai ya rangi hatuachani, meno yalianza kushika ukahawia. Hiyo ndiyo sababu haipewi ya kudumu. Ukahawia huo husafishwa kwa daktari.

Usiuchanganye na ukahawia wa wenzetu waliokulia Maji ya Chai na maeneo mengine ya kuzunguka Mlima Meru. Ule ni wa floraidi nyingi kwenye maji waliyokunywa meno yakiwa bado yanaundwa, uko ndani ya jino lenyewe, na hakuna kusukutua kunakoung'oa. Kwa sababu hiyohiyo, hapa kwetu usimnunulie mtoto dawa ya kusukutua yenye floraidi bila kumuuliza daktari, na chini ya miaka 6 asipewe kabisa, kwani ataimeza.

Mtu mzima mwenye meno yanayotoboka ovyo au aliyefungwa waya, huyo floraidi inamfaa, ila aitumie saa nyingine, mathalani baada ya chakula cha mchana. Ukipiga mswaki kisha ukasukutua hapo hapo, unaiondoa floraidi ya dawa ya meno, ambayo kwa kawaida ni nyingi kuliko ya chupa. Tema povu, basi.

Sasa hivi nasugua ulimi hadi kule nyuma, napitisha uzi kati ya meno, na chupa isiyo na alkoholi naitumia mchana baada ya nyama choma. Madereva wenzangu mnaoipenda ile kali, msisukutue mkiwa mnakaribia askari wa barabarani: alkoholi iliyobaki mdomoni inaweza kusomeka kwenye kipima ulevi. Ikitokea, omba upimwe tena baada ya dakika 15.