TAHADHARI: Muuzaji wa "hailaiti zisizo na hakimiliki" zenye metadata tayari

Wenye chaneli za soka YouTube, hasa mnaoanza, kaeni macho. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza kifurushi cha hailaiti za Ligi Kuu. Kwa shilingi 40,000 unapewa folda ya klipu, jedwali la Excel lenye vichwa, tarehe, matokeo na tagi, na barua ya PDF yenye muhuri inayosema umeruhusiwa kuzirusha. Kijana ninayemsaidia kuhariri video alishalipa kabla hajaniuliza. Nimelifungua furushi lote, na ni utapeli tangu juu mpaka chini.

Tuanze na hilo jedwali, maana ndilo analolinadi zaidi. Majina ya timu, tarehe na matokeo ni taarifa tu. Hayana mwenyewe, na unaweza kuyaandika bure bila ruhusa ya mtu. Tena yake yana makosa. Mstari mmoja unasomeka hivi:

```
Yanga 5-1 Simba | 2023-05-11
```

Mechi ile ilichezwa tarehe 5 Novemba 2023, na mwenyeji alikuwa Simba. Aliyeandaa jedwali alikuta 05/11/2023, akadhani 05 ni mwezi, kisha akamtanguliza mshindi badala ya mwenyeji. Ilitakiwa iwe hivi:

```
Simba 1-5 Yanga | 2023-11-05
```

Msiseme ni kosa dogo. Shabiki anayetafuta mechi ya Novemba hakuoni, na anayefuata tarehe ya Mei anakuta mechi isiyokuwepo siku hiyo. Kwenye sehemu ya tagi amejaza Messi, Ronaldo na Arsenal ndani ya video ya Simba na Yanga. YouTube inakataza metadata ya kupotosha, na yenyewe inasema tagi zina mchango mdogo sana katika kupatikana kwa video. Kwa hiyo unanunua kitu kisichokusaidia, ambacho kinaweza kukuponza.

Sasa klipu. Nembo ya runinga imefunikwa kwa ukungu pembeni, picha imegeuzwa kushoto kulia (namba za jezi zinasomeka kinyume, ndivyo utakavyoitambua haraka), na kasi imeongezwa kidogo. Muuzaji anadai hapo Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua video za wenye haki, haioni. Mara nyingine kweli inapita. Lakini kupita kwenye ukaguzi wa mashine hakukupi haki yoyote, kwa sababu mwenye haki anaweza kuiona mwenyewe na kuomba iondolewe, hata miezi baadaye. Ile hadithi ya "sekunde 10 ni halali" nayo haipo, na kuandika "sina nia ya kuvunja hakimiliki" kwenye maelezo hakumzuii mtu.

Barua ndiyo inayochekesha. Tangu 2021 haki za kurusha Ligi Kuu Tanzania Bara kwenye runinga ziko kwa Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10. Kibali cha picha zile kinatoka kwa mwenye haki, kikiwa na jina lako, chaneli yako, mechi zinazohusika na muda wa kutumia. Barua ya huyu bwana haina jina la mnunuzi wala la mechi. Ni ile ile anayowapa wote.

Na hapa ndipo pabaya kuliko pote. Dai la Content ID peke yake si straiki, yaani onyo la adhabu kwa chaneli. Mara nyingi mapato yanakwenda kwa mwenye haki, au video inazuiwa. Lakini muuzaji anawafundisha watu kubonyeza "nina leseni" na kupinga. Mwenye haki akikataa, nawe ukakata rufaa, anaweza kuomba video iondolewe, na hapo ndipo straiki inapoingia. Straiki tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa. Wakati huo yeye ameshakublock.

Kama ulishalipa, usipinge dai kwa barua ile. Video yenye dai tu unaweza kuifuta, na dai linaondoka nayo. Ikiwa straiki imeshaingia, kuifuta video hakuiondoi straiki, kwa hiyo usikimbilie kufuta ukidhani umejisafisha. Tunza meseji ya muamala na mazungumzo yenu, kisha ripoti namba yake kwa mtandao uliotumia kutuma pesa na kwa polisi.

Kwa wanaotaka kuendelea na maudhui ya mechi: kaa mbele ya kamera yako uchambue, chora jedwali la magoli na dakika zake mwenyewe, au omba ruhusa kwa waandaaji wa ndondo za mtaani kwenu ukarekodi. Hata simu yako ndani ya uwanja wa Ligi Kuu haikupi haki ya kurusha mchezo wenyewe, kwa hiyo ulizeni kwanza.